Simu Itoke, Lakini Vidole Vibaki vya Mwenyewe

Leo naweka kando habari za kuandika programu niseme juu ya kazi ambayo kila mtu anayesifiwa mtaani kwamba "anajua kompyuta" huletewa, hasa msimu wa harusi ukiisha. Picha inaletwa, na ombi lenyewe ni fupi: tafadhali mtoe huyu simu mkononi. Wote wamependeza, bibi harusi anacheka, kitambaa kimekaa sawa, halafu mgeni mmoja amesimama pembeni ameinua simu kifuani kama anayepima joto la uwanja.

Nina msimamo wangu katika jambo hili na nimeshagombana na watu kwa sababu yake. Simu ikitolewa, mkono unaobaki lazima uwe umetoka kwenye kamera, yaani kwenye picha nyingine iliyopigwa dakika ile ile. Kama picha hiyo haipo, simu ibaki mahali pake na ipunguzwe makali tu. Kompyuta isibuni vidole vya mtu.

Watu hudhani kazi ni kufuta simu. Simu yenyewe haina shida yoyote, ni kipande cha mstatili tu. Shida ni mkono. Inua simu yako sasa hivi uitazame. Kidole gumba kiko upande mmoja, vidole vingine vimezunguka upande wa pili, pengine kidole kidogo kimeingia chini kuibeba. Sasa iondoe bila kusogeza vidole. Umebaki na mkono ulioshika hewa. Hakuna binadamu anayesimama kwenye picha ya harusi namna hiyo, na mtazamaji hata kama hajui kilichofutwa atahisi kwamba mtu yule ana kasoro. Ndiyo maana picha nyingi "zilizosafishwa" zinachekesha kuliko zilivyokuwa mwanzo.

Tena kuna sehemu ya mkono ambayo kamera haikuiona kabisa. Kiganja kilikuwa nyuma ya simu, na nusu ya vidole pia. Huwezi kufunua kitu ambacho hakimo kwenye faili. Unachoweza ni kukichukua mahali pengine au kukibuni.

Programu za kujaza pengo zinafanyaje? Mtindo wenye misingi inayoeleweka zaidi ni ule wa kuazima vipande. Criminisi na wenzake walieleza njia yao mwaka 2004: unaanza ukingoni mwa pengo, unatafuta kwingineko kwenye picha kipande kinachofanana zaidi na kile kilichopo ukingoni, unakinakili, kisha unasogea ndani. Mwaka 2009 wakaja kina Barnes na njia yao ya PatchMatch, iliyofanya utafutaji huo uwe wa haraka sana, na mwaka 2010 Photoshop CS5 ikaleta kitufe cha Content-Aware Fill ambacho kila studio ya mtaani inakijua. Kwenye GIMP tunayo Resynthesizer, na ndani yake Heal selection, inayofanya kazi ya jamii hiyo hiyo.

Njia hii ni nzuri ajabu kwa nyasi, ukuta, mawingu na lami. Lakini fikiria jirani za simu ni akina nani. Ni vidole! Programu ikitafuta kipande kinachofanana na ukingo wa pengo, inakuta ngozi, kucha na kivuli kati ya kidole na kidole. Basi inanakili hivyo. Ndipo unapopata kidole cha sita, au kucha mbili kwenye kidole kimoja, au kitenge chenye maua ambayo ghafla yanakatika na kuanza tena upande wa pili yakiwa yamepinda. Unaweza kupunguza madhara kwa kubadilisha sehemu ambayo programu inaruhusiwa kuazima, lakini mkono haujengwi kwa viraka vya kitenge. Na zile zana za siku hizi zinazochora kiganja kizima kipya, ambazo ziko hata ndani ya simu, zinaleta kiganja kizuri sana ila si cha mgeni yule. Mama mwenye kidole kilichopinda kwa miaka ya jembe anapewa mkono wa msichana wa tangazo la sabuni. Watoto wake wataujua tu.

Sasa nieleze kazi moja niliyofanya, maana bila mfano haya ni maneno.

Ni picha ya pamoja, watu 21 kwenye bustani, safu mbili, saa kumi hivi jioni. Faili ni DSC_0412, pikseli 6000 kwa 4000. Kulia kabisa kuna kijana, binamu wa bwana harusi, mwenye suti ya buluu, ameinua simu anamrekodi mpiga picha. Kushoto, safu ya nyuma, kuna shangazi wa bibi harusi, naye ana simu kifuani. Bibi harusi akaandika, "Kaka, nitolee hizo simu mbili, hii ndiyo ya ukutani."

Kabla sijagusa kitu nilipiga hesabu, na nakuombeni nanyi muwe mnaipiga, kwa sababu ndiyo inayokuambia kazi inahitaji juhudi kiasi gani. Kundi lote pamoja na nafasi za pembeni lilikuwa na upana wa kama mita 6. Pikseli 6000 kwa sentimita 600 ni pikseli 10 kwa kila sentimita. Simu ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 16 na upana wa 7.5, kwa hiyo kwenye faili inachukua takriban pikseli 160 kwa 75, na kidole kina upana wa pikseli 15 au 16. Picha hiyo ikichapishwa yenye upana wa sentimita 30, kila sentimita ya karatasi inabeba pikseli 200, kwa hiyo simu ile ni milimita 8 kwa karibu 4. Ndogo, lakini inaonekana. Ikichapishwa upana wa mita moja ya ukutani, simu inakuwa karibu sentimita 2.7, na kila kidole milimita 2.6. Hapo mgeni akiwa na vidole sita, wageni wa sebuleni watahesabu.

Mara ya kwanza picha ililetwa kwangu kwa WhatsApp, ikiwa na pikseli 1600 za upana. Kidole kilikuwa kimebaki na pikseli nne. Nikarudisha. Ukipewa faili ya namna hiyo usianze kazi, kwani unachokiona si kidole tena, ni rangi ya ngozi iliyopakwa. Omba faili ya kamera, na uombe kingine pia ambacho watu wengi hawajui kwamba kipo: picha zote alizopiga za kundi lile.

Kwa maana hakuna mpiga picha wa harusi anayepiga kundi la watu 21 mara moja tu. Mmoja atafumba macho, mtoto atageuka. Anapiga tano, nane, kumi, mfululizo, kisha anachagua moja na nyingine zinalala kwenye diski. Nilipozipata nilikuta ziko saba, kuanzia 0408 hadi 0414. Kwenye 0414 kijana wetu alikuwa amechoka kurekodi, mkono umeshuka ubavuni, simu imeingia mfukoni. Bibi harusi naye kwenye 0414 amefumba macho, ndiyo maana haikuchaguliwa. Mkono mzuri uko huku, uso mzuri uko kule.

Kazi iliyobaki ni kuzilinganisha hizo mbili. Mpiga picha alishika kamera kwa mikono, kwa hiyo kati ya 0412 na 0414 kila kitu kimesogea kidogo. Hugin, programu huria ya kuunganisha picha, inakuja na amri ndogo inayofaa sana hapa:

```
align_image_stack -m -a sawa_ DSC_0412.JPG DSC_0414.JPG
```

Inatafuta alama zinazofanana kwenye picha zote mbili, inapinda ya pili ikae juu ya ya kwanza, na kukuachia sawa_0000.tif na sawa_0001.tif. Inasoma habari za lenzi kutoka ndani ya faili, kwa hiyo hii ni sababu nyingine ya kukataa nakala zilizopita kwenye programu za kutumiana ujumbe, ambazo huzifuta habari hizo.

Fungua zote mbili kwenye GIMP kama matabaka, ya 0414 ikiwa juu. Badilisha kwanza hali ya tabaka la juu iwe Difference. Hapo kila kilicho sawa kwenye picha zote mbili kinakuwa cheusi, na kilichosogea kinang'aa. Ua, miti na ukuta wa kanisa vikiwa vyeusi, ulinganifu umefaulu. Watu hawatakuwa weusi kabisa, kwa kuwa wanapumua na kuyumba, na hilo ndilo unalotaka kulijua: nani kasogea, kiasi gani. Kijana wetu mabega yake yalikuwa yamesogea pikseli 6 hivi, chini ya sentimita moja. Hiyo ni bahati. Angekuwa amegeuka kiunoni ningechukua mwili wote chini ya kola, si mkono peke yake.

Rudisha hali ya kawaida, lipe tabaka la juu barakoa ukichagua Black (full transparency), nalo litatoweka lote. Kisha chukua brashi nyeupe yenye kingo laini upake pale tu unapotaka 0414 ionekane. Hapa ndipo watu wanapokosea. Wanapaka juu ya simu na vidole, wakisimama kwenye kifundo cha mkono, na matokeo yake kijana anakuwa na mikono miwili ya kulia, mmoja kifuani usio na kiganja na mmoja ubavuni. Lazima uchukue mkono wote kutoka begani hadi ncha za vidole, pamoja na kile kipande cha koti na tai ambacho mkono ulioinuliwa ulikuwa umekifunika, pamoja na kivuli chake kwenye suruali. Kiungo kikae mahali ambapo nguo yenyewe ina mshono au mkunjo. Mimi nilifuata mshono wa bega la koti, kisha ukingo wa koti hadi kwenye kifungo. Macho ya mtu yameshazoea kuona mstari pale, hayatauliza.

Kingine kilichonipa taabu kidogo ni wingu. Kati ya picha hizo mbili jua lilipungua, na suti ya 0414 ilikuwa nyeusi zaidi. Nikaifungulia Curves na kuinua kidogo hadi kola na mkono vikafanana. Zile chembechembe ndogo za kamera, ambazo humsaliti kila anayetumia brashi ya kunakili, sikuhitaji kuzishughulikia kwa sababu zote zimetoka kwenye kamera ile ile na mwanga karibu ule ule. Dakika 40, na kijana ana mkono wake, saa yake, hata kile kipande cha plasta kwenye kidole cha shahada. Plasta niliiacha. Aliivaa siku ile.

Namna ya kujua kama umefaulu: itazame picha kwa ukubwa wa asilimia 100 ukifuata kiungo chote, kisha igeuze kushoto iwe kulia uitazame tena kwa mbali. Ubongo uliozoea picha husamehe mengi, ukigeuziwa unashtuka. Tafuta pia simu mahali ambapo hukuifuta. Kwenye miwani ya jirani, kwenye mlango wa gari uliong'arishwa, kwenye mwanga wa buluu chini ya kidevu ikiwa ni picha ya usiku. Simu imetoka lakini mwanga wake bado uko usoni, hiyo nimeiona zaidi ya mara moja kwenye picha za ukumbini.

Je, kama picha nyingine haipo? Hilo hutokea, hasa kwenye picha za bibi harusi akiingia kanisani, ambapo kila sekunde ni tukio jingine. Hapo wengi humpa mgeni kitu kingine cha kushika, shada la maua au karatasi ya ratiba. Mimi sipendi. Mshiko wa simu si mshiko wa maua, na tena umemwekea mtu kitu ambacho hakuwa nacho. Kata ukingo wa picha kama simu iko pembeni. Kama haiko pembeni, jiulize kwa nini inakera. Mara nyingi si umbo lake, ni mng'aro: kioo kimepiga mwanga wa anga, au kifuniko ni cheupe juu ya nguo nyeusi, na jicho hukimbilia penye mwanga. Zungushia simu peke yake, shusha mwanga wake, punguza rangi ikaribiane na nguo iliyo nyuma yake. Vidole huvigusi. Simu bado iko, atakayeitafuta ataiona, ila haimpokonyi tena bibi harusi macho ya watu. Nusu ya kazi ninazoletewa zinaishia hapo na mwenye picha anaridhika.

Nirudi kwa shangazi. Huwa nauliza swali moja kabla ya kumfuta mtu simu: alikuwa anafanya nini nayo? Kijana wa suti alikuwa anarekodi, basi. Lakini shangazi simu yake ilikuwa imegeuzwa kinyume, kioo kikitazama kwa mpiga picha. Anayerekodi hashiki hivyo. Kwenye 0412 kioo kilikuwa cheupe tupu kwa sababu ya anga, ndiyo maana bibi harusi aliona simu tu. Nikamwandikia, "Dada, hebu muulize shangazi kwanza." Jibu likaja jioni. Kaka yake bibi harusi yuko kazini Doha, hakupata ruhusa, na shangazi alikuwa amempigia simu ya video akamgeuzia kamera ili naye awe kwenye picha ya familia.

Sasa hapo unafuta nini? Kufuta simu ile ni kumtoa mtu kwenye kundi, wala hata hakuna aliyejua kwamba yumo. Bibi harusi alibadili ombi lake mara moja, tena akavuka upande wa pili: akanitumia picha kali ya kaka yake niibandike kwenye kioo. Nilikataa. Nikarudi kwenye zile saba. Kwenye 0409 shangazi alikuwa ameinamisha simu kidogo, kofia yake imetia kivuli kwenye kioo, na uso wa yule kaka unaonekana, hafifu, upana wa pikseli kama 40. Njia ile ile niliyoitumia kuondoa simu ya kijana nikaitumia kuhamisha simu ya shangazi, na mkono wake wote, kutoka 0409. Kwenye karatasi ya sentimita 30 uso ule ni milimita 2. Kwenye ile ya ukutani ni karibu milimita 7, unatosha kwa wanaomjua.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hata hivyo nimeunganisha picha tatu kuwa moja, na kijana hakuwa amelaza mkono wakati bibi harusi anacheka. Ni kweli, na silifichi. Naliandika ndani ya faili yenyewe:

```
exiftool -ImageDescription="Mkono wa mtu wa mwisho kulia umetoka 0414; simu na mkono wa shangazi umetoka 0409" harusi-ukutani.jpg
```

Na 0412 yenyewe inabaki kama ilivyotoka kwenye kamera, kwenye folda yake, haiguswi. Baada ya miaka thelathini kuna mtu atataka kuona simu za enzi hizi zilikuwaje.

Kwa wanaopanga harusi, ombi langu ni kwenye mkataba wa mpiga picha. Mikataba mingi niliyoonyeshwa inahesabu picha zilizosafishwa, 200 au 300, na haisemi lolote juu ya zilizobaki. Ongezeni mstari mmoja: picha zote za makundi, hata zenye macho yaliyofumbwa, zitolewe kwenye diski kama zilivyotoka kwenye kamera, na zisifutwe kabla ya familia kuzipokea. Wapiga picha wengine hawapendi kuonyesha zilizoharibika, na nawaelewa. Waambieni hamzitaki za kuchapisha. Mnazitaki kwa ajili ya mikono.